Kuondoa tatuu ya begani huku ngozi ikibaki ngozi: mwongozo kamili wa kutenganisha masafa

Tatuu ni kazi ngumu kuliko chunusi. Chunusi ni nukta tu, ukiigusa mara moja kwa `Spot Healing Brush` ya `Photoshop` imekwisha. Tatuu ina mistari myembamba yenye kingo kali, ina sehemu zilizojazwa wino, na imetanda eneo la kutosha jicho kulinganisha ngozi uliyoitengeneza na ngozi halisi iliyo kando yake. Ukiifuta kwa brashi laini unabaki na bega linalong'aa kama sahani ya plastiki. Ukiifuta kwa `Clone Stamp` moja kwa moja juu ya picha, unabaki na viraka vya rangi visivyolingana. Njia ya kukwepa yote mawili ni kutenganisha masafa, yaani kuigawa picha katika leya mbili: moja ibebe rangi na mwanga, nyingine ibebe vitundu vya ngozi, mikunjo midogo na malaika. Kila leya hurekebishwa kwa namna yake.

Picha tutakayoifanyia kazi ni ya bibi harusi aliyesimama juu ya miamba ya ufukweni Mwanza, upande wa Capri Point, saa kumi na moja na nusu jioni. Gauni halina mikono, na juu ya mkono wa kushoto, karibu na bega, kuna tatuu ya kipepeo. Ameomba nakala moja ya A3, itakayotundikwa sebuleni kwa wazazi, iwe bila tatuu. Nyingine zote zibaki kama zilivyo. Hilo la kuomba ni muhimu. Tatuu ni ya mwenye mwili, na alama nyingine, kama kovu la moto au la upasuaji, ni sehemu ya mtu mwenyewe. Usiondoe kwa kudhani kwamba atafurahi. Uliza kwanza.

Picha ni ya wima, pikseli 4000 kwa 6000, imepigwa kwa `RAW`. Kipepeo ana upana wa pikseli kama 280. Mistari yake ya nje ina unene wa pikseli 6 hadi 8, mabawa yamejazwa wino mweusi uliofifia, na ncha ya bawa moja iko karibu sana na ukingo wa mkono, mahali ngozi inapokutana na mng'ao wa maji ya ziwa. Kwenye karatasi ya A3 kipepeo huyo atakuwa na upana wa sentimita 2 hivi. Kosa lolote litaonekana na mtu aliyekaa kwenye kochi.

Kabla ya kugusa chochote

Anza na faili halisi kutoka kwenye kamera. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imepunguzwa ukubwa na kubanwa, na mbano wa `JPEG` hufanya kazi kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Vipande hivyo vitaingia kwenye leya ya ngozi, na utajikuta unahamisha miraba badala ya vitundu vya ngozi. Kama huna budi kutumiwa kwa WhatsApp, mwambie mpiga picha aitume kama `Document`.

Unapoifungua kwenye `Camera Raw`, usipandishe `Clarity` wala `Texture`, na usizidishe kuondoa chenga. Kuondoa chenga kwa nguvu kunakula vitundu vya ngozi unavyovihitaji baadaye, na kuongeza ukali mapema kunaipa mistari ya tatuu kingo nyeupe utakazopaswa kuzifuta nazo. Ukali unaongezwa mwisho, baada ya kujua ukubwa wa karatasi.

Ndani ya `Photoshop`, nenda `Image > Mode > 16 Bits/Channel`. Kazi hii inatoa na kujumlisha thamani za pikseli, na kwenye biti 8 makosa madogo ya kukadiria huanza kuonekana kama ngazi kwenye maeneo laini ya ngozi nyeusi yenye kivuli.

Sasa ile ncha ya bawa iliyo karibu na ukingo wa mkono. Ishughulikie kabla ya kutenganisha, kwa sababu baada ya hapo itakusumbua. Leya ya rangi ni picha iliyotiwa ukungu, na ukungu huo huvujisha mwanga wa maji kuingia ndani ya mkono na weusi wa mkono kutoka nje kuelekea majini. Ukipaka rangi ya ngozi hapo unaharibu uwiano ule, na mkono unapata mstari mchafu pembeni. Kwa hiyo nakili leya ya chini kwa `Ctrl+J`, iite `Ukingo`, chukua `Clone Stamp` ya kawaida yenye `Hardness` ya 50 hivi, na ukope kipande cha ukingo safi kilicho juu kidogo ya tatuu, ukifuata mstari wa mkono. Unafuta ile ncha tu, pikseli 20 hivi kutoka ukingoni kuingia ndani. Sehemu iliyobaki ya kipepeo iache.

Kutenganisha

Nakili leya ya `Ukingo` mara mbili. Ya chini iite `Rangi`, ya juu iite `Umbile`. Ficha `Umbile` kwa kubonyeza jicho lake, simama kwenye `Rangi`, kisha nenda `Filter > Blur > Gaussian Blur`.

Namba utakayoandika hapa ndiyo uamuzi mkubwa wa kazi nzima, na watu wengi huinakili tu kutoka kwa mtu mwingine. Namba inategemea mtu amechukua nafasi kiasi gani ndani ya picha. Kuza picha hadi 100%, angalia ngozi safi iliyo jirani na tatuu, anza na 1 na upandishe polepole. Utafika mahali vitundu na malaika vimepotea kabisa, lakini umbo la mkono, yaani ule mpito wa kutoka mwangani kwenda kivulini, bado linasomeka vizuri. Simama hapo. Kwa picha yetu, ambako kitundu cha ngozi kina pikseli 2 au 3, pahali hapo ni kwenye 5. Kwa picha ya uso peke yake iliyojaza fremu ileile, namba ingepanda hadi 10 au zaidi. Kwa mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni ingeshuka hadi 2 au 3.

Ukiweka namba ndogo mno, vitundu vinabaki ndani ya leya ya `Rangi`, na brashi yako laini itavifuta humo bila wewe kujua. Hapo ndipo ngozi ya plastiki inapozaliwa, hata kwa mtu aliyefuata hatua zote. Ukiweka kubwa mno, tuseme 20, vivuli vya misuli na karibu mistari yote ya tatuu vinahamia kwenye `Umbile`, na utakuwa hujatenganisha kitu.

Sasa onyesha `Umbile`, simama juu yake, na ufungue `Image > Apply Image`. Kwa faili la biti 16 jaza hivi:

```
Layer: Rangi
Channel: RGB
Invert: weka alama
Blending: Add
Opacity: 100
Scale: 2
Offset: 0
```

Kama kompyuta yako imekulazimisha kubaki kwenye biti 8, mapishi ni tofauti:

```
Layer: Rangi
Channel: RGB
Invert: usiweke alama
Blending: Subtract
Opacity: 100
Scale: 2
Offset: 128
```

`Umbile` itageuka kijivu chenye michoro hafifu. Badilisha namna yake ya kuchanganyika kutoka `Normal` kwenda `Linear Light`, na picha itarudi kama ilivyokuwa. Hesabu iliyofanyika ni nyepesi: umetoa picha yenye ukungu kutoka kwenye picha kali, ukagawa kwa mbili na kuweka kijivu cha kati kuwa sifuri, `Linear Light` inazidisha kwa mbili na kurudisha tofauti ileile juu ya ukungu. Mahali palipo na kijivu cha kati kabisa hapaongezi wala kupunguza kitu.

Hakikisha kabla ya kusonga. Weka `Rangi` na `Umbile` kwenye kundi moja, kisha uwashe na kuzima jicho la kundi. Picha isibadilike hata chembe. Ikibadilika na kuwa na mkolezo wa ajabu, umetumia mapishi ya biti 8 kwenye faili la biti 16, au kinyume chake. Kama `Umbile` imekuwa kijivu kitupu kisicho na mchoro wowote, angalia sehemu ya `Layer`: pengine umeacha `Merged`, na leya imejitoa yenyewe kwa yenyewe. Rudi nyuma kwa `Ctrl+Z` ufanye upya.

Tatuu imejificha katika leya zote mbili

Bonyeza jicho la `Umbile` huku umeshika `Alt`, ili uione peke yake. Wengi hushtuka hapa, maana wameambiwa rangi iko chini na ngozi iko juu, hivyo walitarajia kipepeo awe amebaki chini. Lakini mistari yake ya nje inaonekana wazi juu ya kile kijivu: mstari mweusi, na pande zote mbili za mstari kuna utepe mweupe hafifu.

Sababu ni upana. Mstari wa pikseli 7 hauwezi kuhimili ukungu wa 5. Sehemu kubwa ya weusi wake husambaa kwenye `Rangi`, na kile kilichopotea kwenye ukungu kinahifadhiwa kwenye `Umbile`. Utepe mweupe ni upande wa pili wa hesabu hiyo: ukungu uliifanya ngozi ya jirani kuwa nyeusi kuliko ilivyo, basi `Umbile` inalazimika kuongeza mwanga ili kuirudisha. Utepe huo unafika umbali wa karibu mara mbili hadi tatu ya namba uliyoandika kwenye ukungu. Kwa 5, ni pikseli 10 hadi 15 kila upande wa mstari. Ukumbuke umbali huu, kwa sababu utauhitaji katika leya zote mbili.

Ndani ya mabawa, ambako wino umejaa, utaona vitundu vya ngozi vipo lakini ni hafifu. Wino mweusi unarudisha mwanga kidogo, kwa hiyo tofauti kati ya kitundu na ngozi inayokizunguka nayo ni ndogo. Ukibadilisha rangi ya bawa kuwa rangi ya ngozi na kuyaacha maumbile haya hafifu, bawa litaonekana kama sehemu iliyopakwa poda. Ndiyo maana kwa tatuu, tofauti na doa jepesi la rangi, unaazima umbile kwingine. Hakuna kilichofichwa chini ya wino cha kutosha kukiokoa.

Leya ya `Umbile` kwanza

Nakili `Umbile` na uifiche ile ya asili. Usiziache zote mbili zikiwa wazi, kwani maumbile yatajumlishwa mara mbili na ngozi itakuwa kama msasa. Nakala ndiyo utakayoifanyia kazi, ya asili ni akiba.

Chukua `Clone Stamp`. Kwenye upau wa juu weka `Mode: Normal`, `Opacity` 100, `Flow` 100, `Aligned` iwe imewashwa, na `Sample: Current Layer`. Hilo la mwisho likikosewa, ukaacha `All Layers`, brashi itaokota rangi ya ngozi na kuimwaga juu ya kijivu, na utaona viraka vyenye mwanga mkali papo hapo. Ukubwa wa brashi uwe pikseli 25 hivi, na `Hardness` iwe 90.

Brashi ngumu inawashangaza watu waliozoea kuambiwa kila kitu kifanywe laini. Kwenye leya hii ulaini ni adui. Ukingo laini wa brashi unachanganya nusu ya umbile la zamani na nusu ya jipya. Vitundu viwili visivyolingana vikichanganywa nusu kwa nusu vinafutana na kuelekea kijivu, na unapata utepe laini kuzunguka kila mguso. Vivyo hivyo `Opacity` ya 50. Kwa kuwa rangi na mwanga haviko hapa, brashi ngumu haiachi mpaka wa rangi kama ingefanya kwenye picha ya kawaida.

Kuchagua pa kuazima ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na ya kawaida. Kwa mwanga wa jioni ufukweni, jua la chini linauchapa mkono kwa upande, na kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde mng'ao huo ndio unaobeba umbile. Kila kitundu kilicho ndani ya mng'ao kina upande mweupe na upande mweusi. Sentimita 3 kuingia kivulini, vitundu vilevile karibu havionekani. Ukiazima umbile la kivulini na kuliweka kwenye mng'ao, sehemu ile itakuwa imekufa. Ukifanya kinyume chake, kivuli kitakuwa na chunjua zinazometa. Kwa hiyo shuka au panda kwa urefu wa mkono, usivuke kwa upana. Mkono ni kama bomba: mwanga hubadilika haraka ukizunguka upana wake, na hubaki karibu uleule ukifuata urefu wake. Eneo bora la kuazima kwa kipepeo wetu ni chini yake, kuelekea kwenye kiwiko, kwa umbali uleule kutoka kwenye ukingo wenye mwanga.

Angalia pia malaika zimelala upande gani. Kama kwenye tatuu zimelala kwa mshazari tofauti na unakoazima, fungua `Window > Clone Source` na uzungushe chanzo kwa digrii chache hadi zifuatane. Na kama picha imepigwa kwa kipenyo cha lenzi kilicho wazi sana, hakikisha eneo la kuazima lina ukali uleule. Mkono unaorudi nyuma hupoteza ukali mapema kuliko unavyodhani.

Anza na mistari ya nje. Pita juu ya mstari na uvuke pikseli 15 kila upande, ili ule utepe mweupe nao uondoke. Kisha jaza mabawa. Badilisha chanzo kila baada ya migusano mitatu au minne kwa kubonyeza `Alt` mahali pengine, maana malaika moja iliyopinda ikirudiwa mara tatu kwa safu moja jicho litaikamata. Ukimaliza, punguza brashi hadi 8 na uunganishe malaika zilizokatika katikati. Ile leya ya kijivu ikionekana peke yake inapaswa sasa kuonekana kama ngozi tupu, bila kipepeo. Ili uwe na hakika, weka kwa muda leya ya `Curves` juu yake na uuinue mteremko wa mstari sana. Mabaki ya mistari yatajitokeza yenyewe.

Kisha leya ya `Rangi`

Washa leya zote isipokuwa ile `Umbile` ya asili. Kipepeo sasa ni wingu jeusi lenye ngozi nzuri juu yake. Hatua ambayo wengi huifanya hapa ni kuzungushia `Lasso` na kutia ukungu zaidi. Kwa chunusi au wekundu hafifu inafaa. Kwa tatuu haifai, kwa sababu ukungu hauondoi wino, unausambaza tu, na unaishia na doa la kijivu lililo kubwa kuliko tatuu yenyewe. Wino lazima ubadilishwe kwa rangi nyingine.

Tengeneza leya tupu kati ya `Rangi` na `Umbile`, iite `Rangi mpya`. Chukua tena `Clone Stamp`, na safari hii geuza kila kitu: `Hardness` 0, ukubwa pikseli 100 hadi 120, `Sample: Current & Below`. Kwa kuwa `Umbile` iko juu, haitaguswa. Azima kutoka palepale chini ya tatuu, kwa kufuata urefu wa mkono, na ufunike wingu lote. Wingu ni kubwa kuliko kipepeo alivyokuwa, kwa sababu ya ule ukungu. Vuka mipaka yake ya asili kwa pikseli 15 na zaidi, la sivyo utabaki na duara la kivuli kuzunguka mahali tatuu ilipokuwa.

Utakachopata ni ngozi yenye rangi ya karibu, lakini mpito wa mwanga utakuwa umeruka kidogo mahali fulani. Hapo badilisha kwenda kwenye `Brush`: `Hardness` 0, `Opacity` 100, `Flow` 5 hadi 8. Chukua `Eyedropper` kwanza na uweke `Sample Size: 31 by 31 Average` na `Sample: Current & Below`, kisha rudi kwenye brashi. Kila ukishika `Alt` na kubonyeza, utachota wastani wa rangi ya pale. Chota upande mmoja wa mruko, paka kidogo kuelekea katikati. Chota upande wa pili, paka kurudi. `Flow` ndogo ndiyo inayojenga mpito taratibu.

Usichote rangi moja na kuipaka eneo lote. Mkono huu una angalau rangi tatu: upande wa jua una udhahabu, sehemu inayotazama anga na maji ina ubuluu kidogo ndani ya mng'ao, na upande wa kivuli una wekundu wa joto unaorushwa na mwamba wa jirani. Rangi moja ya kahawia ikitandazwa juu ya yote hayo, hata kama mwanga umelingana, itaonekana kama plasta.

Mara nyingi, pale wino ulipokuwa mzito, hubaki ukijani au ubuluu. Wino mweusi ndani ya ngozi huonekana hivyo, kwa jinsi ngozi inavyotawanya mwanga juu yake. Tengeneza leya nyingine juu ya `Rangi mpya`, iwekee namna ya `Color`, na upake rangi ya ngozi ya jirani kwa `Opacity` ya leya ya 30 hadi 50. Namna ya `Color` haigusi mwanga, kwa hiyo haiharibu kitu ulichokwisha kukijenga.

Kutafuta kosa liko wapi

Punguza ukubwa wa picha hadi 25%. Viraka vya rangi huonekana kwa mbali, makosa ya umbile huonekana kwa karibu. Ukikaa kwenye 100% muda wote utayaona ya aina moja tu. Weka leya ya muda ya `Black & White` juu ya zote uone kama mwanga umelingana, kisha uiondoe na uweke `Hue/Saturation` yenye `Saturation` +60 uone kama rangi zimelingana. Halafu geuza picha kwa `Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal`. Macho yaliyoizoea picha hushtuka, na kosa lililokuwa limejificha hujionyesha.

Ukiona mzimu wa kipepeo, zima `Umbile`. Mzimu ukibaki, wino uko kwenye rangi: panua eneo la `Rangi mpya`. Mzimu ukipotea, uko kwenye umbile: rudi ukafute ule utepe mweupe uliousahau. Jaribio hili la sekunde mbili linaokoa saa nzima ya kupapasa.

Ukiona sehemu laini kuliko jirani zake ilhali ulitumia brashi ngumu, umeazima kivulini. Usijaribu kuiongezea ukali; futa na uazime upya kutoka kwenye mng'ao. Na kama leya ya `Umbile`, ikitazamwa peke yake, haina vitundu hata kabla hujaigusa, rudi kwenye namba ya ukungu. Ilikuwa ndogo mno, na tiba ni kutenganisha upya kutoka kwenye `Ukingo`.

Kuna tatuu ambazo njia hii haiziwezi. Iliyofunika mkono mzima kutoka begani hadi kiwiko haikuachii pa kuazima penye mwanga uleule. Na iliyo na makovu yaliyoinuka, kama ngozi ilipona vibaya, ina vivuli vyake ambavyo si wino. Utaondoa rangi na uvimbe utabaki, nawe utalazimika kuujenga upya mwanga wa eneo lote kwa mkono. Mteja aambiwe hilo kabla ya kukubaliana bei.

Kwa anayetumia `GIMP`, ambayo ni ya bure, mantiki ni ileile. Nakili leya mara mbili, tia ukungu ya juu na uiweke kwenye namna ya `Grain extract`, tengeneza leya mpya kwa `Layer > New from Visible`, irudishe ile yenye ukungu kwenye namna ya `Normal`, na uiwekee mpya, ikiwa juu yake, namna ya `Grain merge`. Kuanzia hapo hatua za kuazima na kupaka hazibadiliki.

Kabla ya kuchapisha A3, hifadhi faili lenye leya zote kama `PSD`. Kisha shika `Ctrl+Alt+Shift+E` upate leya moja iliyounganisha kila kitu, na hapo ndipo uongeze ukali kwa picha nzima kwa pamoja, ili ngozi iliyoazimwa na ya asili zipate kiwango kimoja. Kata kipande cha bega pekee, chenye upana wa pikseli 1300 hivi, na ukichapishe kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao kwenye A3, yaani kama sentimita 10, kwenye karatasi ileile itakayotumika. Kitazame dirishani mchana, kisha usiku chini ya taa ya sebuleni, kwa sababu kiraka chenye ukijani kilichojificha kwenye mwanga wa dirisha kinaweza kujitokeza chini ya taa. Kikitokea, rudi kwenye leya ya `Color` na upandishe `Opacity` yake kwa 10, uchapishe kipande tena.